Ugoko wa Mutalemwa

Siku Clavery alipomvunja Mutalemwa mguu, hakufanya jambo lolote ambalo hakuwa akilifanya kila Jumapili. Msinitolee macho. Nasema hivi kwa sababu kuna watu mpaka leo wanadai alimkusudia, na wengi wao hawakuwepo uwanjani, walikuwa vilabuni wanakunywa rubisi. Mimi nasema ilivyokuwa.

Clavery alikuwa beki wa kati wa Jembe, timu ya Kamachumu. Walimwita Shoka. Hakuwa mrefu wala mnene, na mbio hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni kujua saa ya kuingia. Winga anakuja na mpira, uwanja mzima unapiga kelele, "Mwingie! Mwingie!" Yeye anarudi nyuma kinyumenyume, amesimama upande, magoti yamekunjika, macho kwenye mpira. Anangoja. Kila mwenye mpira, hata awe fundi namna gani, lazima ausukume mbele, na akishausukuma, kwa kitambo kidogo sana mpira si wake. Hapo ndipo Shoka anaposhuka. Mguu mmoja unasimama kando ya mpira, wa pili unaingia kwa ubavu wa ndani, kifundo kimekazwa, uzito wote umeegemea mbele. Ukimgonga namna ile unaanguka wewe, mpira unabaki kwake, na refa anatazama pembeni kwa kuwa hakuna rafu.

Sasa siku hiyo Ziwani, timu ya Bukoba mjini, walikuja Kamachumu, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mutalemwa, winga wao, kijana wa Nyanga mwenye miguu myembamba na dharau nyingi, alikuja na mpira pembeni. Akausukuma. Clavery akashuka. Tope likaung'ang'ania mpira, haukwenda pale ulipotakiwa kwenda, na Mutalemwa akawahi kuugusa tena. Clavery alikuwa ameshaondoka na mwili wake wote. Mguu ule uliokazwa ukapita juu ya mpira ukaukuta ugoko.

Mlio wake ulisikika mpaka kwenye maduka. Mfupa ulitoka nje ya ngozi, mweupe, na Mutalemwa akawa anautazama kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akapiga yowe. Clavery alikuwa bado amelala juu yake, uso karibu na ule mfupa, na damu ilimrukia mdomoni.

Baada ya hapo haukuwa mpira tena. Watu wa Ziwani waling'oa uzio wa miti wakawa wanapiga kila mwenye jezi ya kijani. Kipa wa Jembe, Yoeli, alipasuliwa nyusi kwa jiwe. Kaka mkubwa wa Mutalemwa, mmoja anaitwa Mushumbusi, pande la mtu, mpakia magunia ya kahawa bandarini, alimkamata Clavery shingoni akamgongesha kichwa kwenye nguzo ya goli mara nyingi kabla hajatolewa. Walirudi mjini kwenye lori wakiimba matusi. Juma lililofuata wakaja tena, na mapanga, wakaingia kibanja cha Ta Byarugaba, baba yake Clavery, lile shamba la kuzunguka nyumba, wakakata migomba yote ya upande wa barabarani. Mgomba! Kwa Mhaya, bora umpige mzazi kofi kuliko kumkatia mgomba. Ndugu wa Kamachumu nao hawakulala. Walimvizia mpwa wa Mushumbusi stendi wakamvunja taya.

Ikaonekana wazi kwamba kabla ya Pasaka mtu atakufa. Wazee wa pande mbili wakakutana, wakanywa, wakanena, wakaamua dawa ni ile ya mababu: waliosababisha haya wanywe omukago. Wachanjiane, wawe ndugu wa damu, kila mmoja mkago wa mwenzake. Ndugu wa damu hana kisasi, na jamaa zake wote wanafungwa naye. Padri asingekubali, kwa hiyo padri hakuambiwa.

Wakambeba Mutalemwa na plasta yake mpaka nyumba ya mzee mmoja katikati ya njia. Wakachanja ngozi karibu na kitovu cha kila mmoja. Wakapasua tunda moja la kahawa, likatoa buni mbili, kila buni ikapakwa damu. Clavery akala ya Mutalemwa, Mutalemwa akala ya Clavery. Mzee akawaongoza maneno, wakasema baada yake: "Mguu wako ni mguu wangu. Nikikumwaga damu, buni hii inivimbie tumboni mpaka nipasuke." Mushumbusi alikuwepo. Aliitikia, maana mbele ya wazee utafanyaje, lakini alitema mate mlangoni alipotoka.

Basi amani ikapatikana. Na Clavery akaisha.

Mwanzoni hakuna aliyeona. Mechi ya kwanza baada ya hapo, na timu moja ya Muleba, mshambuliaji alikuja, akausukuma mpira, na Clavery akaona kabisa kwamba saa ndiyo hii. Aliiona! Mguu haukwenda. Macho yake yalikuwa yamehama kutoka kwenye mpira hadi kwenye ugoko wa yule mtu, akaona mfupa mweupe ambao haukuwepo. Mshambuliaji akapita, akafunga. Yoeli akamuuliza, "Vipi, umeteleza?" Akasema ndiyo, ameteleza.

Akateleza na Jumapili iliyofuata. Na nyingine. Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho mashabiki hawakijui, wao wanajua kutukana tu. Beki aliyeogopa hamwachi mtu salama. Ukiingia mzima, goti limekunjika, uzito mbele, mguu uko chini nyuma ya mpira, basi mnagongana kwenye mpira na mpira unabeba kishindo. Ukiingia nusu, kiwiliwili kinabaki nyuma, goti linanyooka, unadonoa kwa kidole, na unachelewa. Wayo unakuwa juu, na mbele yake kuna nini? Ugoko. Clavery, kwa kuogopa kuumiza, akaanza kuumiza. Alimchana kijana wa Kagoma paja zima kwa njumu. Mwingine alimtegua kifundo. Kila alipoona damu alizidi kurudi nyuma, na kila aliporudi nyuma alizidi kuchelewa.

Usiku akawa anajishika tumbo. Mchana akala kidogo. Jioni anasimama nyuma ya nyumba kupapasa pale penye chale, kuona kama pamevimba.

Na Kamachumu hawakumhurumia, ng'o. Walimzomea, "Shoka butu!" Wakamtupia maganda ya ndizi, wakamtupia na mawe. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amewasamehe wachezaji zamu za shamba la ujamaa siku za mazoezi, akatangaza hadharani kwamba Clavery arudi kwenye jembe la mkono maana la miguu limemshinda. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Siku waliyofungwa mabao manne, Yoeli alimngoja nyuma ya goli, akavua glavu zake moja moja, akampiga ngumi ya mdomo. Jino likatoka.

"Sema unaumwa tukuache!" Yoeli alipiga kelele huku analia. "Mimi napigwa mateke huko nyuma kwa sababu yako! Unawafungulia mlango!"

Clavery hakurudisha ngumi. Alichutama akatafuta jino lake kwenye majani. Alitamani Yoeli aendelee kumpiga.

Aliyewaamua ni Burhani, mwalimu wa timu. Burhani alikuwa mtu wa Bukoba mjini, Mwislamu, babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, na ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili. Zamani alicheza beki mwenyewe. Alimpeleka Clavery pembeni, akamtazama lile pengo mdomoni.

"Unaogopa nini? Usinidanganye, nitakuongezea pengo la pili."

Clavery akamwambia yote. Mfupa, damu mdomoni, buni, kiapo. Burhani akatukana wazee wa pande zote mbili, mmoja mmoja.

"Wamemfunga ng'ombe kwato kisha wanamwambia alime," alisema. "Sikiliza. Kiapo chenu mimi sikijui, dini yangu haimo. Mpira naujua. Kesho alfajiri njoo rweya."

Rweya ni yale majani ya wazi nje ya vibanja, wanapochungia ng'ombe. Burhani alichomeka gogo la mgomba chini, akaweka mpira mbele yake. "Ingia. Polepole. Nataka kusikia." Clavery akaingia, gogo likatikisika. "Tena. Goti!" Tena. "Macho yako wapi? Taja rangi ya uzi wa mpira." Tena, mpaka mguu ukawa unakaza wenyewe bila kuambiwa. Kwa gogo hakuwa na hofu yoyote, aliligonga mpaka likapasuka. Wakaenda kwa mpira unaotembea. Hata huo aliuingia vizuri. Burhani akajipa moyo, akavua kanzu yake, akasimama yeye mwenyewe na mpira, mzee yule na miguu yake ya mishipa.

Clavery akaja, macho yakahamia kwenye miguu, akadonoa. Njumu ikamchuna Burhani ugoko. Burhani akamzaba kofi.

"Gogo unaliweza, mtu humwezi," alisema akipuliza jeraha. "Tena si mtu yeyote. Wewe kila anayekuja mbele yako unamwona mmoja tu. Sasa nenda kwake huyo mmoja."

"Mutalemwa? Mwalimu, nimekula buni yake!"

"Ndiyo maana. Nenda, au vua jezi yangu uniachie."

Clavery alikuwa na shangazi yake, Ma Kokuberwa, aliyeolewa Nyanga. Akapanda basi akaenda kwake, na jioni akaenda kwa Mutalemwa. Akamkuta uani, mwaka ulikuwa umeshakatika, plasta ilishatolewa siku nyingi, mguu umepona na kovu nene lenye rangi ya maini. Alikuwa ameshaanza kucheza tena. Lakini Ma Kokuberwa alikuwa ameshamnong'oneza Clavery ya mtaani: kwamba Mutalemwa naye hawezi tena. Akisikia hatua za beki nyuma yake anauachia mpira ovyo. Akiona mtu anashuka, anaruka juu kabla hajaguswa. Watu wa Nyanga walikuwa wanamwita Panzi.

"Mkago wangu," Clavery akaanza, "nimekuja kuomba mguu wako."

Akaeleza. Kabla hajamaliza Mutalemwa alikuwa ameinuka na mchi wa kinu. Alimpiga nao begani, akampiga mgongoni, akampiga mkononi alipojikinga. "Umenivunja! Umenifanya Panzi! Halafu unakuja kuniazima mguu!" Clavery alipiga magoti akaacha kujikinga. Mutalemwa alipoona hivyo ndiyo kwanza akapandwa na wazimu.

"Ala! Pigana! Mbona hupigani?"

"Nimeapa."

"Umeapa nini! Mguu wako ni mguu wangu, ndivyo tulivyosema. Miguu yenyewe iko wapi? Wewe wako umekufa, na mimi wangu umekufa!" Akautupa mchi. Akakaa chini, akashika kovu lake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, kilio cha hasira cha mtu ambaye hakuwahi kulia tangu siku ile. Clavery alikaa kando yake bila kumgusa. Damu ilikuwa ikimtoka kwenye kiwiko. Giza lilipoingia Mutalemwa akamwambia aje Jumamosi, waifufue miguu hiyo wote wawili.

Ndivyo walivyoanza, katika rweya ya Nyanga, Clavery akija kila mwisho wa juma, maana alikuwa amewekwa nje ya kikosi, na Burhani anakuja akipata nafasi. Masharti aliyaweka Burhani. Pekupeku, bila njumu. Mwendo ni wa kutembea. Mwenye mpira ndiye anayeamua: akisema "bado", beki asimame, akisema "njoo", beki aingie, aingie mzima. "Nusu sitaki," alisema Burhani. "Ukija nusu mnaumizana. Na wewe Mutalemwa, ukiruka umeharibu, maana mguu ulio hewani hauna nguvu, unavunjika kama bua. Weka wayo chini, ubanie mpira, pokea kishindo."

Siku ya kwanza Mutalemwa alisema "bado" mpaka giza likaingia. Clavery alisimama mbele yake, jasho linamtoka, na hakuna aliyegusa mpira. Burhani aliwaacha hivyo hivyo. Siku ya pili Mutalemwa akasema "njoo" kwa sauti ndogo, akafumba macho. Clavery akaingia. Nyayo zao zikakutana na mpira katikati, pu! Wakabaki wamesimama wameegemeana, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake, na hakuna kilichovunjika.

"Tena," alisema Mutalemwa.

Wakaenda hivyo. Kutembea, kisha mwendo wa haraka, kisha kukimbia. Kulikuwa na siku za kwenda mbele na siku za kurudi nyuma. Siku moja ng'ombe alilia ghafla na Mutalemwa akaruka, wakaanza upya kwa kutembea. Siku nyingine Clavery aliona kovu, macho yakahama, na Mutalemwa akayaona yanahama, akamtemea mate usoni, "Mpira uko huku, mjinga wee!" Wakavaa njumu. Walipigana kweli mara kwa mara, ngumi kwa ngumi, kwa kuwa mpira ulikuwa umewauma wote. Lakini Clavery akaanza kuona ile saa tena, kitambo kile ambacho mpira si wa mtu. Mutalemwa naye akaanza kushikilia mpira mpaka dakika ya mwisho, akimtazama beki anashuka, kisha anauvuta kando.

Halafu damu ikamwagika. Mutalemwa alisema njoo, Clavery akashuka mzima, akachukua mpira safi kabisa, na katika kupita, njumu ikachana ngozi ya ugoko. Mstari mwembamba mwekundu, ukateremka mpaka kwenye soksi. Wote wawili wakaganda. Clavery alijishika tumbo hapo hapo. Akaondoka bila kuaga, akaenda kwa shangazi yake akalala kifudifudi, akikataa chakula, akingoja kuvimba. Ma Kokuberwa alimpapasa tumbo akasema halina kitu ila njaa, lakini hakumsikia.

Asubuhi Mutalemwa akaingia bila hodi.

"Limevimba?"

"Bado."

"Halitavimba. Nisikilize, mkago. Nilipokuambia njoo, nilikupa ule mguu. Damu niliyoitoa mwenyewe hukuimwaga wewe. Unajua nani ananimwaga damu? Yule anayekuja nusu. Ukija nusu kwangu, hapo ndipo umevunja kiapo, na upasuke kweli, sitakuzika." Akamrushia viatu vyake. "Inuka. Saba Saba iko karibu, na nataka kukufunga mbele ya mkoa mzima."

Maana ndivyo kombe lilivyokuwa limepangwa. Chama kilitoa kombe la Saba Saba kwa timu za Ziwa Magharibi, na Jembe na Ziwani wote walifika fainali, mjini Bukoba. Burhani akamrudisha Clavery kikosini. Mwenyekiti wa kijiji alipinga, Yoeli alipinga, nusu ya Kamachumu ilipinga. Burhani akawaambia, "Akishindwa leo, nitamvua jezi mwenyewe na hatacheza tena." Na Clavery alikuwa pale akisikia.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda miti. Vijana wa Ziwani walikuwa wameshaanza kurusha mawe kabla ya timu kuingia. "Muuaji! Mla damu!" Mushumbusi alikuwa kwenye mstari, na rungu.

Kipindi cha kwanza Clavery alicheza vizuri kwa wengine. Aliwapokonya, aliwalaza chini, mpira ukawa wake. Ila Mutalemwa alipokuja mara ya kwanza, mbele ya kelele ile yote, mbele ya kaka yake, macho ya Clavery yakahamia kwenye ugoko. Akadonoa. Mutalemwa akampita, krosi, bao. Uwanja ukapasuka kwa shangwe, lakini mpiga krosi hakushangilia. Alirudi mbio, akamkamata Clavery kola, akamzaba kofi mbele ya watu wote.

"Umekuja nusu! Mbele ya watu unaniua tena?"

Refa akawaandika wote wawili. Watu wa Nyanga walidhani ni kisasi kimeanza, wakaruka kwa furaha.

Kipindi cha pili Jembe wakasawazisha kwa kona. Ikawa bao moja kwa moja, na ngumi kila upande, mmoja wa Jembe akatolewa nje mbavu zimevunjika. Ndipo Mutalemwa akaja tena, katikati, peke yake, nyuma ya Clavery hakuna mtu ila Yoeli. Clavery alirudi kinyumenyume, upande, magoti yamekunjika. Kelele zikamtoka masikioni. Alitazama uzi wa mpira. Mpira ukasukumwa. Akashuka na mwili wake wote, bila kubakiza kitu nyuma, na Mutalemwa hakuruka. Aliweka wayo chini akaubania. Kishindo chake kilifanya watu wa karibu wafumbe macho. Mutalemwa akapinduka hewani akaanguka chali. Mpira ulibaki kwa Clavery, akauondoa.

Uwanja mzima ukangoja yowe. Mutalemwa akakaa. Akapapasa ugoko wake. Akaanza kucheka, akanyoosha mkono, na Clavery akamwinua.

Kile kicheko ndicho kilichowatia wazimu. "Wameuza mechi!" mtu akapiga kelele. Mushumbusi akaruka mstari, akamfikia Clavery kutoka nyuma, akamshushia rungu kichwani. Ngozi ikapasuka kutoka kwenye paji hadi sikioni. Clavery alipiga magoti, damu ikamfunika jicho. Rungu likainuliwa mara ya pili, na Mutalemwa akamrukia kaka yake kifuani, akamng'ata mkono mpaka akaliachia, akampiga nalo magotini.

"Ni ndugu yangu!" alikuwa akipiga kelele. "Uliitikia! Mbele ya wazee uliitikia!"

Watu wa Nyanga wakampiga Mutalemwa, mtu wao wenyewe, watu wa Kamachumu wakaingia, polisi wakaingia na virungu wakapiga kila kichwa walichokiona. Vumbi lilipotulia, Mushumbusi alikuwa ndani ya gari la polisi. Refa, jezi imechanika, aliuliza kama kuna timu inataka kuendelea. Burhani alikuwa anamfunga Clavery kichwa kwa kitambaa cha kilemba.

"Toka," alimwambia. "Imetosha. Umeshaonyesha."

"Sitoki."

"Huoni jicho moja!"

"Mpira mmoja, jicho moja. Sitoki, Mwalimu."

Wakaendelea. Na katika dakika za mwisho Mutalemwa akaja tena, mdomo umevimba, jezi imebaki upande mmoja. Clavery akamngoja. Mpira ukasukumwa, akashuka mzima, safi, kwa saa yake kabisa. Ila Mutalemwa hakuwa Panzi tena. Aliushikilia mpaka pumzi ya mwisho, akimtazama Clavery machoni, akauvuta kando kwa unyayo. Clavery akapita patupu akateleza mbali kwenye majani. Nyuma yake alisikia wavu, halafu sauti ya mji mzima. Filimbi ya mwisho ikafuata.

Burhani alimkuta bado amelala kifudifudi, anapiga ardhi kwa ngumi, analia mpaka kitambaa kimemtoka kichwani. Mzee akachutama, moyo wake umesinyaa. Akafikiri kwamba yote yamepotea.

"Mwanangu. Umeona nini? Umeona mfupa?"

"Mfupa gani!" Clavery akafoka, uso wote damu na majani. "Mpira, Mwalimu! Nimeukosa mpira! Ulikuwa hapa, karibu hivi, nimeukosa! Nilijua atauvuta kulia, mwanaharamu yule, nilijua!"

Burhani akamtazama. Kisha akaketi kwenye majani ya uwanja wa watu, kombe linapelekwa kwa wengine, mawe bado yanarushwa kule langoni, akacheka mpaka machozi. Clavery hakuelewa anachekwa nini, akakasirika zaidi, akainuka akipepesuka kumtafuta Mutalemwa, amwambie Jumamosi aje rweya mapema.